Sura ya Saba: Waraka wa Fomu Mpya

Meneja wa tawi la taasisi ya mikopo hasomi barua ya makao makuu akiwa ametulia. Anaisoma kwenye simu, mteja yuko mbele yake anasubiri saini, na afisa mikopo amesimama mlangoni na helmeti mkononi akitaka kujua kama yule mdaiwa wa sokoni afuatwe leo au kesho. Afisa takwimu anayemwandikia meneja huyo ana mistari mitatu au minne tu kabla barua haijafungwa. Ndiyo maana ule mwanzo wetu wa kiofisi, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ukifuatiwa na aya mbili za historia ya taasisi, huua waraka wa aina hii mapema. Tarehe ya mwisho inakuja kukaa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili haufunguliwi.

Chukua taasisi ya mikopo midogo isiyopokea amana, yaani ya daraja la pili kwa mpangilio wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ina matawi tisa: Morogoro, Kahama, Tunduma na kwingineko. Kila mwezi makao makuu hukusanya hali ya mikopo ya kila tawi. Mpaka sasa kila meneja ameleta taarifa kwa mtindo wake. Mmoja hutuma faili la Excel, mwingine picha ya karatasi kwa WhatsApp, wa tatu huandika namba ndani ya barua pepe. Afisa takwimu anataka wote watumie fomu moja, na iletwe siku moja. Waraka wake ungeweza kuanza hivi:

"YAH: FOMU MPYA YA TAARIFA YA MIKOPO YA MWEZI. Kuanzia taarifa ya Machi 2025, kila tawi litajaza fomu iliyoambatishwa, yenye jina FOMU_MIKOPO_2025.xlsx. Taarifa ya Machi iwe imefika Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, saa 10 jioni. Hesabu zote ziwe za hali ilivyokuwa mwisho wa siku ya tarehe 31 Machi. Safu tatu zimebadilika maana; soma maelezo yake hapa chini kabla hujajaza."

Hapo jambo limeshasemwa. Salamu na sababu zinaweza kufuata, na kwa desturi yetu lazima zifuate, lakini hata meneja aliyeishia hapo anajua atakiwalo. Neno la kutazamwa katika aya ile ni "maana". Fomu yenyewe ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayejua Excel. Kazi ngumu ni kuwafanya watu tisa waweke kitu kilekile ndani ya kisanduku kilekile, na hakuna kisanduku kinachosumbua kama kile cha mikopo iliyochelewa.

Tuchukue mkopo mmoja. Mfanyabiashara wa nguo za mitumba alikopa shilingi 2,400,000 tarehe 15 Agosti 2024, alipe kwa miezi 12. Riba tuiache pembeni ili hesabu isitupotee. Mtaji peke yake ni rejesho la shilingi 200,000 kila tarehe 15, kuanzia Septemba. Alilipa vizuri mara tano, mpaka Januari. Februari hakulipa, Machi hakulipa. Ifikapo tarehe 31 Machi amesharejesha shilingi 1,000,000 na bado anadaiwa 1,400,000. Rejesho la Februari limechelewa siku 44, la Machi siku 16.

Sasa waulize mameneja watatu waandike kiasi cha "mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30". Wa kwanza ataandika 200,000, kwa kuwa ni rejesho la Februari pekee lililovuka siku 30. Wa pili ataandika 400,000, kwa kuwa hicho ndicho mteja alichopaswa kuwa amelipa na hajalipa. Wa tatu ataandika 1,400,000, salio lote. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali alilolisikia.

Kipimo kinachotumika zaidi katika mikopo midogo, kile ambacho maofisa wenyewe hukiita PAR 30, kinachukua jibu la tatu. Kinauliza ni fedha kiasi gani za taasisi ziko mikononi mwa watu ambao wameonyesha dalili ya kutolipa. Mtu aliyeshindwa marejesho mawili hajahatarisha shilingi 400,000 tu. Salio lote la 1,400,000 limeingia mashakani, kwa sababu atakayeshindwa kulipa la Februari hana sababu ya kuwa na la Juni. Kwa hiyo mkopo ukishakuwa na rejesho hata moja lililochelewa zaidi ya siku 30, salio lake lote la mtaji linahesabiwa, kisha linagawanywa kwa jumla ya mikopo yote iliyo nje.

Ukipanda kutoka mkopo mmoja kwenda tawi zima, tofauti inakuwa ya kutisha. Tuseme tawi lina mikopo ya shilingi 320,000,000 nje. Marejesho yaliyochelewa yanafika 9,600,000, na meneja anaripoti asilimia 3. Lakini masalio ya wadaiwa walewale, yakijumlishwa, yanafika 33,600,000, ambayo ni asilimia 10.5. Tawi ni lilelile, siku ni ileile, wateja ni walewale. Kwa namba ya kwanza meneja anapewa lengo kubwa zaidi la kukopesha. Kwa namba ya pili anapelekewa mkaguzi.

Hili huwezi kulimaliza kwa kubadilisha kichwa cha safu. Maelezo ya waraka yanapaswa kubeba ule mfano wa mitumba mzima, na tarehe zake na jibu lake, kwa sababu meneja anayesoma tafsiri ya kitaalamu ataitikia kwa kichwa kisha ataendelea kujaza alivyozoea. Anayeona shilingi 1,400,000 mahali alipotarajia 400,000 atasimama. Binafsi huwa naona mfano mmoja uliokokotolewa hadi mwisho unatosha. Ukiweka minne, kila meneja atachagua unaofanana na mazoea yake.

Kutoka hapo linakuja agizo jingine ambalo huwashangaza wengi: msilete asilimia. Leteni shilingi tupu, asilimia tutazipiga sisi. Sababu ni ya kihesabu. Tawi kubwa lina mikopo ya milioni 500, na milioni 20 ziko hatarini, yaani asilimia 4. Tawi dogo lina milioni 50, na milioni 10 ziko hatarini, yaani asilimia 20. Karani akijumlisha 4 na 20 akagawa kwa mbili, taasisi inaonekana ina asilimia 12. Jibu la kweli ni milioni 30 kwa milioni 550, ambayo haifiki hata asilimia 5.5. Taarifa zikija kwa asilimia peke yake, makao makuu hayana namna ya kupata jibu hilo, hata wakilitaka.

Tukiachana na maana, tarehe. Watu husema "deadline" kana kwamba ni tarehe moja, lakini waraka wa taarifa una tarehe mbili: siku ambayo hesabu zinaielezea, na siku ambayo taarifa inapaswa kufika. Zikichanganywa, meneja wa Tunduma atajaza hali ya mikopo ilivyo siku anayotuma. Kufikia tarehe 8 Aprili wateja wake kadhaa watakuwa wamelipa, na tawi lake litaonekana zuri kuliko la Morogoro, ambalo lilijaza mapema. Nidhamu ya Morogoro imegeuka adhabu.

Hata tarehe 31 Machi yenyewe inahitaji kufafanuliwa. Mteja analipa kwa simu jioni ya tarehe 31. Muamala unaonekana kwenye akaunti ya taasisi dakika hiyohiyo. Lakini karani wa tawi anauingiza kwenye mfumo tarehe 2 asubuhi. Je, ni malipo ya Machi au ya Aprili? Kuna hoja za pande zote mbili, na taasisi nyingine huenda na tarehe ya kuingiza kwa sababu ni rahisi kuikagua. Mimi ningeenda na tarehe ambayo fedha ilipokewa, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye risiti ya mteja, lakini kwa sharti kwamba miamala yote ya Machi iwe imeingizwa kabla ya saa 6 mchana wa tarehe 3. Baada ya hapo, tawi linatoa orodha ya masalio na halirudi nyuma. Chochote kitakachogunduliwa baadaye kinarekebishwa kwenye taarifa ya Aprili, na maelezo yake yanaandikwa.

Siku ya kufika nayo haichaguliwi kwa kupenda namba. Huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Kama menejimenti inakaa tarehe 11, na afisa takwimu anahitaji siku mbili kamili za kukagua na kuuliza maswali, basi matawi yanabaki na tarehe 8. Waraka mvivu ungesema "ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi". Aprili 2025 ingeupinga mara moja: tarehe 5 ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 ilikuwa Siku ya Karume, na mwisho wa Machi uligongana na Idi el Fitri. "Siku ya tano ya kazi" haisaidii sana, kwa sababu kuna matawi yanayofungua Jumamosi nusu siku na mengine hayafungui, na kila moja litahesabu kivyake. Dawa yake ni ya kuchosha lakini haina ubishi: andika tarehe kumi na mbili za mwaka mzima kwenye jedwali, kila moja na jina la siku yake, na saa yake ikisemwa kama tunavyoisema, saa 10 jioni. Mwaliko wa kalenda unaotumwa na kompyuta utaonyesha 16:00. Ukiandika "saa 4" kwa kufuata kompyuta, atakuwepo wa kuituma asubuhi na wa kuituma usiku.

Kuna kosa moja la kompyuta ambalo linastahili aya yake kwenye waraka, kwa kuwa halionekani kwa macho. Kompyuta nyingi za ofisini huja zimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, ambao mwezi hutangulia siku. Karani akiandika 05/02/2025 akimaanisha tarehe 5 Februari, Excel kwenye kompyuta hiyo inasoma tarehe 2 Mei. Rejesho lililochelewa siku 54 kufikia 31 Machi linageuka rejesho ambalo siku yake haijafika, bado siku 32 mbele, na fomu inalitoa kabisa kwenye hesabu ya hatari. Haitoi onyo lolote. Tarehe kuanzia 13 kwenda juu hazina mwezi wa kuangukia, hivyo Excel inaziacha kama maandishi, na maandishi yasiyopangwa hukaa kushoto mwa kisanduku wakati tarehe halisi hukaa kulia. Ukiona safu moja ya tarehe ina nyingine kushoto na nyingine kulia, basi jua na zile za kulia zimeharibika, hata kama zinaonekana nzuri. Fomu inaweza kuulizwa moja kwa moja:

```
=ISNUMBER(F7)
```

Jibu likiwa `FALSE`, kisanduku F7 kina maandishi, si tarehe. Lakini kipimo hiki kinazikamata zile za kushoto tu. Tarehe iliyogeuzwa mwezi itakipita bila tatizo. Kwa hiyo waraka unaagiza tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2025-02-05, ambazo Excel haizichanganyi, na fomu inakataa tarehe yoyote ya rejesho lililochelewa inayovuka siku ya hesabu.

Kitu kingine kidogo: sifuri na tupu. Tawi lisilo na mkopo uliofutwa mwezi huo liandike 0. Kisanduku kitupu kinamaanisha hakijajazwa, na kitarudishwa. Bila agizo hilo, afisa takwimu anabaki akikisia kama Kahama hawakufuta mkopo wowote au karani alipitwa.

Fomu nzuri humpa meneja njia ya kujikagua kabla hajatuma, na katika mikopo njia hiyo ipo tayari. Salio la mwanzo wa mwezi, ongeza mikopo mipya, toa mtaji uliorejeshwa, toa mikopo iliyofutwa, lazima upate salio la mwisho. Tawi letu la milioni 320 lilianza Machi na 312,000,000, likakopesha 48,000,000, likarejeshewa mtaji wa 40,000,000, halikufuta chochote. Fomu inapiga hivi:

```
=C5+C6-C7-C8-C9
```

C9 ni salio la mwisho, na jibu linapaswa kuwa 0. Likija -1,400,000, kuna kitu. Mara nyingi ni karani aliyeweka marejesho pamoja na riba yake kwenye safu ya mtaji, au mkopo uliotolewa tarehe ya mwisho ukaingia kwenye orodha ya masalio lakini haukuingia kwenye orodha ya mikopo mipya. Kisanduku hicho kiwe juu kabisa, kikolezwe, na waraka useme waziwazi: kama si sifuri, usitume, piga simu. Ila kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Kinathibitisha kwamba salio linafungana. Hakisemi lolote kuhusu nani kachelewa siku ngapi. Tawi linaweza kupata sifuri safi na bado likawa limeripoti zile 400,000.

Hapa tunafika penye mgogoro wenyewe. Meneja mmoja mzoefu wa kanda ya ziwa, mama wa makamo, alipoletewa rasimu ya fomu kama hii alimpigia simu afisa takwimu aliyekuwa nusu ya umri wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii fomu yako nimeiona. Sasa niambie, mwezi uliopita nilikuwa na tatu, mwezi huu nionekane na kumi, wakubwa wataelewaje? Si watasema mama amelala?"

Hakuwa na kiburi wala hakuwa anaficha. Alikuwa ameliona jambo ambalo mwandishi wa waraka hakuliweka: fomu mpya itaifanya kila namba iruke mwezi wa kwanza, na mruko huo utasomwa kama uzembe wa mameneja. Posho zao hupimwa kwa namba hiyohiyo. Waraka usiposema lolote, mameneja watajilinda, na wana namna ya kujilinda. Iliyo rahisi kuliko zote ni kumwita mdaiwa, kumpangia upya marejesho ya mkopo wake, na siku za kuchelewa zinarudi sifuri. Yule wa mitumba anaondoka kwenye orodha ya hatari bila kulipa hata shilingi.

Majibu yake ni mawili, na yote yanaingia ndani ya waraka. La kwanza ni safu ya pekee ya mikopo iliyopangwa upya, yenye idadi na salio, ambayo inajumlishwa upande wa hatari mpaka mteja alipe marejesho kadhaa mfululizo bila kuchelewa. Idadi ya marejesho hayo iamuliwe na menejimenti, si na afisa takwimu, kwa sababu hilo ni suala la sera ya mikopo. La pili ni kurudi nyuma. Kabla ya fomu kuanza kutumika, makao makuu yenyewe yanachukua orodha za masalio za Desemba, Januari na Februari kutoka kwenye mfumo, yanazikokotoa kwa maana mpya, na kuzituma kwa mkurugenzi pamoja na waraka. Hapo mama yule hatoki tatu kwenda kumi. Anaonekana alikuwa na 10.9 Desemba, 10.7 Februari, na sasa 10.5. Tawi linashuka polepole, na hiyo ndiyo habari ya kweli. Sentensi ya waraka inaweza kuwa: "Ongezeko litakaloonekana kati ya taarifa za zamani na hii linatokana na mabadiliko ya hesabu, miezi mitatu iliyopita imekokotolewa upya na mkurugenzi amepewa."

Ni vyema pia kuangalia nani anatia saini. Afisa takwimu hana mamlaka juu ya meneja wa tawi, na mameneja wanalijua hilo kuliko yeye. Waraka uandikwe na afisa takwimu, utoke kwa jina la mkurugenzi wa uendeshaji, na namba ya simu ya maswali iwe ya afisa takwimu. Waraka wenye saini ya afisa takwimu peke yake unapokewa kama ombi.

Orodha ya wadaiwa inayoambatana na fomu haina majina wala namba za simu za wateja. Namba ya mkopo inatosha kwa makao makuu kufuatilia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jina la mdaiwa na deni lake kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ofisi ni jambo linaloweza kuifikisha taasisi mbele ya Tume inayosimamia sheria hiyo. Kwa hiyo fomu inapokelewa kwa anwani moja ya barua pepe, na picha ya fomu haihesabiwi kuwa taarifa.

Linabaki swali la aliyechelewa. Wengi huandika "hatua kali zitachukuliwa", maneno ambayo kila mtumishi ameyasoma mara nyingi na hajawahi kuona hatua yenyewe. Kishawishi kingine ni cha kimyakimya: tawi halijaleta, mkutano ni kesho, afisa takwimu anachukua namba za Februari anazibandika kwenye Machi, jumla inapatikana na kikao kinaendelea. Akifanya hivyo mara moja, mameneja wote watajua ndani ya wiki kwamba tarehe 8 inaweza kupita. Waraka useme nini kitatokea, na kiwe kitu ambacho afisa takwimu anaweza kukitekeleza mwenyewe bila kuomba ruhusa: tawi ambalo fomu yake haijafika saa 10 jioni litaandikwa HAIJAFIKA kwenye mstari wake, jumla ya taasisi itapigwa kwa matawi yaliyofika, na idadi ya matawi hayo itaandikwa pembeni mwa jumla. Taarifa inapowekwa mezani siku ya Ijumaa tarehe 11, mkurugenzi anaona matawi nane kati ya tisa, na anauliza mwenyewe lile la tisa liko wapi.